Barua ya kusimamisha mradi imefika, wafanyakazi 23 bado hawajui. Niwaambie leo au nisubiri?

Kihesa_Juu (mleta mada), 28 Januari 2025

Wadau, salaam. Naongoza asasi ndogo huku Nyanda za Juu Kusini. Mradi wetu mkubwa ni wa watoto yatima na familia zinazoishi na VVU. Fedha ni za USAID, lakini hazitufikii moja kwa moja, zinapitia shirika mama ambalo sisi ni wadogo wake.

Jana Jumatatu saa tatu asubuhi ikaingia barua pepe kutoka kwao: simamisheni shughuli zote mara moja, zuieni gharama, subirini tathmini ya siku 90 ya misaada ya Marekani. Basi. Hakuna namba ya kupiga.

Nina wafanyakazi 23, kati yao 19 wanalipwa na mradi huu. Nina wahudumu wa jamii wa kujitolea 140 ambao posho yao ni 30,000 kwa mwezi, na ya Januari hatujawapa. Mwenyekiti wa bodi anasema tukae kimya. Hoja yake ni kwamba ukijumlisha akaunti zote tatu tuna milioni 143, na mishahara yote ni milioni 27 kwa mwezi, kwa hiyo tuna miezi mitano mkononi, kwa nini tuwatie watu presha bure? Ofisini sijamwambia mtu isipokuwa mhasibu. Ninyi mngefanyaje?

Bonge_la_Hoja

Mwisho wa semina za hotelini na V8 zenye kiyoyozi. Karibuni mtaani tuuze mihogo.

Tarafa_ya_Pili

Mkuu, tulia. Hiyo ni siku 90 tu, Aprili mnarudi kazini. Ukitangaza leo, wale wazuri wote wanaondoka wiki ijayo, halafu fedha zikirudi unabaki na mlinzi na paka wa ofisi. Mwenyekiti wako ana busara.

Mhasibu_wa_Zamani

Mleta mada, kabla hatujafika kwenye kusema au kunyamaza, hebu tujibu hili: hizo milioni 143 ni za nani? Zitenganishe kwa akaunti.

Kihesa_Juu

Milioni 61 ziko akaunti ya mradi, ni malipo ya awali ya robo hii. Milioni 44 ni za kanisa moja la Ujerumani kwa ajili ya vyoo vya shule tatu. Milioni 38 ni za kwetu wenyewe, akiba ya miaka mingi, ada za wanachama na kodi ya ukumbi.

Mhasibu_wa_Zamani

Nilijua. Basi una milioni 38, huna 143.

Za vyoo ni za vyoo. Ukizigusa kulipa mishahara "halafu tutarudisha", umepoteza mfadhili wa pili kwa mkono wako mwenyewe, na mkaguzi atakuandika. Za mradi, tangu tarehe ya barua huruhusiwi kuingia gharama mpya. Zile ulizokuwa umeshajifunga nazo kabla ya barua na huwezi kuziepuka, unaweza kuzidai, lakini unaomba kwa maandishi na kusubiri jibu la maandishi. Posho ya Januari ya wahudumu, zile siku 26 za kabla ya barua ni kazi iliyokwisha kufanyika, iombee leo leo.

Sasa fanya hesabu ambayo viongozi wengi hawaifanyi: kufunga kunagharimu kiasi gani? Nipe mishahara ya msingi ya hao 19, wastani wa miaka kazini, na siku za likizo wanazodai.

Kihesa_Juu

Msingi milioni 20 kwa mwezi, ukiweka na NSSF ya mwajiri inafika 22. Wastani miaka mitatu kamili. Likizo wastani siku kumi kila mmoja.

Wakili_Uchwara

Kiinua mgongo ni mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Kwa hiyo 20 mara 3, milioni 60. Umekwisha kaka.

Mhasibu_wa_Zamani

Wakili, jina lako linakustahili 😄. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, na mtu awe amefanya kazi angalau miezi 12. Mwezi kwa mwaka ni sera za baadhi ya mashirika, kwa hiyo mleta mada soma na mikataba yenu, isije ikawa mliahidi zaidi ya sheria.

Twende taratibu. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, weka milioni 22. Kiinua mgongo ni siku 21 kwa kila mtu: 20 gawanya kwa 26, mara 21, unapata milioni 16 na kidogo. Likizo siku kumi ni karibu milioni 8. Jumla 46. Wewe una 38. Kwa hiyo hata ukifunga mradi leo jioni, umepungukiwa milioni 8. Na kila mwezi utakaokaa kimya ukiwalipa watu kutoka mfukoni mwa shirika, unaongeza shimo la milioni 22. Hiyo "miezi mitano" ya mwenyekiti haipo.

Tarafa_ya_Pili

Kwa nini ugawanye kwa 26? Mwezi una siku 30. Ukigawanya kwa 30 inatoka milioni 14, tayari umeokoa mbili.

Mhasibu_wa_Zamani

Umeokoa mbili kisha unazilipa ukiwa umesimama mbele ya CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Jedwali la sheria linatumia wiki 4.333 kwa mwezi mara siku za kazi kwa wiki. Siku sita zinakupa 26. Kama mkataba wao ni siku tano kwa wiki, unagawanya kwa 21 na ushee, na bili inapanda.

Kihesa_Juu

Ni siku tano. Basi jumla inafika karibu 51. Sawa, nakaa chini kidogo.

Mama_wa_Zahanati

Mimi siyo mkurugenzi, mimi ni mhudumu wa jamii, mkoa mwingine lakini mradi wa aina hiyo hiyo. Naomba niwaambie jinsi tulivyojua sisi. Jumatatu dereva aliambiwa aegeshe gari na arudishe funguo. Dereva akamwambia mke wake, mke wake yuko kwenye kikoba chetu. Saa kumi jioni wote 60 tulikuwa tunajua, na kufikia usiku habari ilikuwa kwamba mkurugenzi ameiba na ofisi imefungwa na TAKUKURU. Kaka Kihesa, magari yako yanatembea?

Kihesa_Juu

Yameegeshwa tangu jana.

Mama_wa_Zahanati

Basi wanajua. Wanasubiri kuona kama wewe nawe utasema.

Bonge_la_Hoja

Mama kamaliza uzi. Nimeweka kambi hapa.

Dada_Programu

Napingana kidogo na mnaomsukuma aseme kila kitu leo. Nilikuwa meneja kwenye asasi fulani, tulipoteza mfadhili wa Ulaya miaka ile Uingereza iliposhusha msaada wake kutoka asilimia 0.7 kwenda 0.5. Mkurugenzi wetu alisema ukweli siku ya kwanza, wote ukumbini, tukalia, tukaombeana. Wiki iliyofuata mhasibu akapata kazi benki akaondoka, na mtu wa takwimu akamfuata. Sasa nani afunge mradi? Ripoti ya mwisho ina muda wake, viambatanisho vya malipo vilikuwa kwenye makabati ambayo yeye tu alijua mpangilio wake. Gharama za milioni kadhaa zilikataliwa kwa kukosa risiti ambazo zilikuwepo. Ukweli wetu ulikuwa mzuri, lakini mpango haukuwepo.

Otieno_wa_Ziwani

Salamu kutoka Homa Bay. Sisi hapa Kenya tulipata hiyo barua hiyo hiyo. Dada Programu yuko sawa nusu. Sisi tuliwaambia watu wote asubuhi moja, lakini jioni ya kuamkia siku hiyo mkurugenzi alikaa na watatu: mhasibu, mtu wa data na mtunza stoo. Akawaambia ninyi mtabaki hadi siku ya mwisho ya kufunga, hii hapa barua, na malipo yenu yametengwa pembeni hayaguswi. Kwa sheria yetu kupunguza wafanyakazi kunataka notisi ya mwezi kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, na kiinua mgongo si chini ya siku 15 kwa mwaka. Ninyi watani mnalipa siku saba? Mko na bei ya jioni.

Wakili_Uchwara

Otieno rudi kwenye mada, usituletee ubora wa Wakenya 😂

Lakini safari hii niko sahihi, mniache niseme. Kifungu cha 38 cha sheria yetu ya ajira. Kupunguza wafanyakazi kunataka uwape taarifa ya nia, ueleze sababu, mjadiliane jinsi ya kuepuka au kupunguza makali, namna ya kuchagua nani anaondoka, lini, na malipo. Utajadiliana vipi na mtu ambaye hujamwambia? Kwa hiyo mwenyekiti akisema "tukae kimya kisha tutoe barua siku ya mwisho", anakushauri uvunje sheria. Msipoelewana, suala linakwenda CMA kusuluhishwa.

Mhasibu_wa_Zamani

Naunga mkono, na leo nimefuta uchwara kwenye jina lako.

Nipe_Ajira

Samahani wakuu, hiyo asasi ya vyoo inaajiri? Nina diploma ya maendeleo ya jamii.

Tarafa_ya_Pili

Jamani, kuna njia ya katikati. Wape wote likizo bila malipo miezi mitatu. Hujafukuza mtu, hujalipa kitu, Aprili mnaendelea.

Wakili_Uchwara

Likizo bila malipo ni makubaliano, siyo tangazo. Ukiwasainisha kwa kuwaambia "saini au ondoka", umebadilisha mkataba peke yako. Akikubali kwa hiari na kwa maandishi, sawa. Ila mwambie pia ukweli kwamba huenda hakuna Aprili. Hapo tunarudi kule kule.

Kihesa_Juu, 3 Februari

Mrejesho. Ijumaa tarehe 31 niliwaita wote saa nne, wahudumu viongozi wa kata nao wakaja. Usiku wa kabla nilizungumza na mhasibu, mtunza kumbukumbu na stoo, kama Otieno alivyosema. Bodi nayo tulikutana kwanza. Mwenyekiti alipoona hesabu ya 38 dhidi ya 51 alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema "kumbe tumeshachelewa".

Niliisoma barua neno kwa neno kwa Kiswahili, sikuieleza kwa muhtasari. Nikaandika ubaoni akaunti tatu na kiasi cha kila moja, na mbele ya kila moja nikaandika tunaruhusiwa kufanya nini nayo. Nikasema mishahara ya Januari ipo, ya Februari tunaweza kuilipa kama notisi tu, ya Machi haipo. Kwamba Ijumaa ya kila wiki saa nne nitasimama hapo hapo hata kama sina jipya.

Swali lililonishinda lilitoka kwa mama mmoja wa miaka sita kazini: "Wewe mshahara wako unatoka akaunti ipi?" Nilikuwa sijajiandaa. Unatoka kwenye zile 38. Nikasema ukweli, ukumbi ukacheka kwa uchungu. Jumamosi nimeandikia bodi wapunguze nusu kuanzia Februari.

Na nimefanya kosa moja. Mwishoni watu walikuwa wamenyong'onyea, nikasema "lakini mimi nina imani Aprili tutarudi". Sijui kwa nini nilisema vile. Nusu ya watu wametoka na hilo neno moja tu.

Mama_wa_Zahanati

Hilo ndilo watakalokumbuka, kaka. Lifute Ijumaa hii, usingoje ijayo.

Dada_Programu

Pole, na hongera kwa ubao. Kuhusu mshahara wako, mimi siamini sana kwenye kukata wa bosi kwa ajili ya picha. Nusu ya mshahara mmoja haifuniki pengo la milioni 13. Na mkurugenzi asiyelipwa naye hutafuta kazi.

Mhasibu_wa_Zamani

Hapo hatukubaliani. Haifuniki pengo, lakini inamwezesha kusimama ukumbini wiki ijayo. Kihesa, vipi kazi yenyewe? Umeacha nini na umebakiza nini?

Kihesa_Juu

Hilo ndilo linaninyima usingizi. Tuna kaya zaidi ya 1,800. Wengi tulikuwa tunawapa elimu ya malezi, vikundi vya kuweka akiba, vifaa vya shule. Vyote vimesimama, na vikisimama miezi miwili inauma lakini hakuna anayekufa. Nilikaa na wahudumu tukapitia kata kwa kata kwa swali moja: ni nani atakayepata madhara ndani ya wiki mbili tusipomtembelea? Tulipata watoto na vijana 74 ambao dawa zao zilikuwa zinachukuliwa na mhudumu, au wanakwenda kliniki kwa sababu mhudumu anawasindikiza. Wengi wanaishi na bibi. Na kesi tisa za ukatili ziko mikononi mwetu.

Nilisikia kuna ruhusa maalumu imetolewa kwa huduma za kuokoa maisha na dawa za VVU, nikauliza shirika mama. Wakajibu kwamba kazi yetu haimo.

Mama_wa_Zahanati

Hao 74 msiwapeleke kwenye karatasi moja mkaiacha mapokezi! Kwetu walifanya hivyo, orodha ya majina na hali zao ikaonekana na kila mtu aliyepita. Mkabidhi muuguzi wa kliniki ya matunzo, mtu kwa mtu, na mhudumu awepo. Kesi tisa mpeni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, asaini kuzipokea.

Otieno_wa_Ziwani

Na waulize wahudumu kama wanataka kuendelea na hao watoto bila posho, lakini usiwaombe. Kuna tofauti. Kwetu walioombwa mbele ya watu walisema ndiyo wote, kisha wakaacha kimyakimya, na sisi tukadhani watoto wanatembelewa.

Kihesa_Juu

Tumefanya hivyo kwa karatasi, kila mmoja anaandika peke yake. Kati ya wahudumu 41 wenye hao watoto, 26 wameandika ndiyo, 15 hapana. Hao 15 ndio walionisaidia zaidi, maana nilijua mapema wapi pa kutafuta mtu mwingine. Nauli ya hao 26 tunaitoa kwenye zile 38.

Bonge_la_Hoja

Nilikuja kucheka ila uzi umenishinda. Mimi jirani yangu ni mmoja wa hao akina bibi.

Kihesa_Juu, 28 Februari

Jana imefika ya pili. Mradi umefutwa kabisa, siyo kusimamishwa. Shirika mama nao ruzuku yao imekatwa tarehe 26.

Tarafa_ya_Pili

Nakiri nilikosea kuhusu siku 90. Hazikufika hata 40.

Mhasibu_wa_Zamani

Pole sana. Umeshaanza majadiliano ya kifungu cha 38?

Kihesa_Juu

Tuliyaanza tarehe 7, Ijumaa ile ile niliyofuta maneno yangu ya Aprili. Notisi zilitoka tarehe 14. Walichagua wao wawakilishi watatu. Wao ndio waliopendekeza mambo ambayo mimi nisingethubutu: wanne walioajiriwa mwaka jana watoke kwanza, wawili wahamie kazi ya vyoo kwa sababu fedha hizo zipo na mfadhili amekubali kwa barua, na kiinua mgongo kilipwe kwa awamu mbili, kwa maandishi. Pengo halijazibika lakini limepungua.

Tatizo ni gharama za kiinua mgongo kwenye mradi. Shirika mama wanasema hazilipwi bila idhini iliyotolewa kabla.

Mhasibu_wa_Zamani

Zinatakiwa kudaiwa, ni wajibu uliokuwepo kabla ya kusitishwa na unatokana na sheria ya nchi. Peleka dai ndani ya muda wa kufunga. Mkikaa kimya, mmesamehe.

Dada_Programu

Mimi nimeona wakikataa kwa asasi mbili, na kuikubali kwa moja, mradi huo huo. Inategemea mkataba wenu mdogo umeandikwaje na nani anakaa upande wa pili. Usiiweke kwenye hesabu ya fedha ulizonazo.

Otieno_wa_Ziwani, 7 Machi

Mahakama ya Juu ya Marekani juzi tarehe 5 imekataa kuzuia amri ya kulipa kazi zilizokwisha kufanyika. Majaji watano kwa wanne. Huenda zile za Desemba na Januari zikaja.

Dada_Programu

Zikija, zinampitia shirika mama kwanza, naye ana madeni yake. Narudia, usihesabu.

Wakili_Uchwara

Nyie wawili mnabishana mwezi wa pili sasa, oaneni.

Kihesa_Juu, 11 Aprili

Mrejesho kwa waliouliza faragha. Tumebaki saba. Posho ya Januari ya wahudumu ilikubaliwa kwa siku 26, tukaongeza siku tano zilizobaki kutoka kwetu. Dai la kiinua mgongo halijajibiwa. Katika wale 74, tunajua walipo 71. Watatu familia zimehama, muuguzi anaendelea kuwatafuta.

Mwenyekiti wa bodi bado anaamini kama tungenyamaza wiki mbili tusingempoteza mtu wa takwimu, aliyepata kazi kwingine Februari. Labda. Lakini aliaga wiki tatu kabla na akamfundisha mwenzake mafaili yote.

Mama_wa_Zahanati

Na magari?

Kihesa_Juu

Moja wamelichukua. La pili liko uani, haturuhusiwi kuliuza wala kulitumia hadi barua ya mali ije. Betri imekufa, kuku wa mlinzi wanatagia chini yake.